Ng'ombe wa Bonareri

Nilitaka cheti. Ndoa yetu ya mahari iandikishwe kwa mchungaji mwenye leseni, niwe mke pekee kisheria, na mume wangu Manasseh akifa, shemeji asinirithi wala kuninyang'anya watoto.

Mwaka 1971, kanisani pale Nyanchwa, mchungaji alimuuliza Manasseh kama ana mke mwingine.

"Bonareri alitoroka zamani, kabla sijamwoa huyu."

"Baba yake alirudisha ng'ombe wa mahari?"

Manasseh akatazama viatu vyake. "Sikuwadai."

Mchungaji akaweka kalamu chini. "Basi bado ni mkeo. Siwezi kuwaandikisha."

Njiani kurudi nyumbani nilimfokea aende kesho akawadai ng'ombe hao.

"Nikiwachukua ng'ombe, nitapoteza wana wawili wa Bonareri," akasema. "Aliwazaa huko alikokwenda, lakini kwa mila ni wangu maadamu mahari haijarudishwa. Watagawana shamba na watoto wako."

Shamba ninalolima mimi! Nikamwacha nyuma, nikaenda moja kwa moja hadi nyumba aliyoiacha Bonareri, pale pale uani kwetu. Manasseh huiezeka kila mwaka, eti ni ghala, nami sijawahi kuipita bila kuhisi natazamwa. Nikavunja kufuli.

Hapakuwa na gunia hata moja. Palikuwa na vitanda viwili vidogo, vimetandikwa.