Neno Refu la Daktari Nyamu

Daktari Nyamu alizunguka chuo kizima pale Embu akijisifu. Sentensi zake za mtego, zinazomfanya msomaji aelewe hivi kisha neno moja limgeuzie maana, ziliwachelewesha wanafunzi milisekunde mia mbili zaidi kwenye neno hilo kuliko sentensi za kawaida.

Kananu, msaidizi wake wa utafiti, alifungua orodha ya maneno akasonya. Mitego yote ilifyatuka kwa maneno marefu yasiyosikika hata redioni, kama "wakatakabari". Sentensi za kawaida zilipewa mafupi kama "wakalala". Digrii tatu, na mtu hajui kuweka neno lile lile pande zote mbili. Neno refu na geni humchelewesha msomaji hata pasipo mtego.

"Wewe bado ni mwanafunzi," Nyamu alimwambia. "Matokeo yanajieleza."

Kananu aliichukua orodha ile ile. Aliyahamisha maneno yote, marefu na mafupi, kwenye sentensi nyepesi, akamkalisha Nyamu mwenyewe kwenye kompyuta, abonyeze kitufe neno baada ya neno huku ikipima muda wake.

"Kwenye yale marefu umechelewa milisekunde mia mbili na kumi zaidi kwa wastani kuliko kwenye mafupi, Daktari," alisema. "Na humo sikuweka mtego hata mmoja."