Mchoro wa Kumi na Tatu

Kosa dogo halina miguu, lakini hutembea. Lile lililotoka mkononi mwa Felicitas lilitembea kutoka Bukoba mjini hadi Nshamba, likaingia nyumbani kwa bintiye na kukaa kitako. Kulitoa kukawa kazi.

Felicitas alikuwa mjane, na shule yake iliishia darasa la nne. Alipata kazi kwenye chumba kidogo cha picha nyuma ya karakana ya mbao, mjini Bukoba, ambako kijana aitwaye Ildefons alitengeneza sinema fupi za michoro za kufundisha watu vijijini: kuchemsha maji, kuchimba vyoo, kula vizuri. Kazi ya Felicitas ilikuwa kunakili michoro kwenye plastiki angavu. Mkono wake ulikuwa mtulivu, ingawa moyo wake haukuwa na utulivu hata siku moja. Akisikia mbwa akibweka alidhani ni habari ya msiba.

Mwaka ule, vijiji vya ujamaa vikiwa bado vinapimwa, surua ilivuka ziwa. Ilitoka kisiwa cha Goziba na mitumbwi ya wavuvi, ikapanda mwaloni wanakoshushia samaki, ikaanza kulaza watoto. Serikali ikaleta sindano. Ildefons naye akaandaa sinema: mama anambeba mwanawe mgongoni kwenda zahanati, mtoto anachomwa sindano, mama anarudi nyumbani akipita migombani na kikapu kichwani. Safari ya kwenda aliichora Ildefons mwenyewe. Kabla hajaanza ya kurudi akaitwa Mwanza, akamwachia Felicitas.

"Michoro kumi na miwili, hatua mbili," alimwambia akiwa mlangoni na mkoba begani. "Wa kumi na tatu ufanane na wa kwanza kabisa. Hapo mama atatembea bila kukoma, tutaipiga picha michoro ileile tena na tena. Umenielewa, Mama Clotilda?"

"Nimeelewa, mwanangu."

Alielewa, ndiyo, lakini alivyoelewa yeye.

Sinema ilionyeshwa Nshamba mchana, ndani ya ghala la kahawa, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mikeka na shuka jeupe limetundikwa ukutani. Zahoro, dereva na mpiga picha wao, mtu wa Bukoba mjini asiyeishiwa maneno, aliwasha jenereta nje. Felicitas alikaa nyuma. Kando yake alikaa bintiye, Clotilda, aliyeolewa hapo Nshamba, na mjukuu wake Mujuni amelala kwenye mbeleko. Mujuni alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Manesi walikuwa nje chini ya mwavuli, sindano zimeshachemshwa.

Mama wa kwenye shuka akaenda zahanati vizuri, akapita, watu wakamsifia kanga. Mtoto akachomwa, akalia, watu wakacheka. Mama akageuka kurudi. Akapiga hatua, akapiga ya pili, akawa kama anazama, kisha akaruka juu ghafla, akaganda kidogo, akaendelea. Akazama tena, akaruka, akaganda.

Watu wakanyoosha shingo.

"Mbona alikwenda mzima?" akauliza mwanamke mmoja mbele.

"Sindano imemshukia mguuni."

"Aliyechomwa si mtoto? Anayechechemea mama."

"Damu si moja, waitu, jamani?"

Wakacheka, lakini kicheko kilikuwa na mkia mrefu, na mkia ule ulitoka nao mlangoni. Nje wanawake waliwapita manesi kwa heshima, wakiwaamkia, bila kusimama. Wawili watatu tu ndio walioleta watoto.

Felicitas akamshika Clotilda mkono. "Twende kwa nesi, mwanangu. Ile ni picha tu."

Clotilda akakaza mbeleko. "Mama, si wewe uliyeichora?"

"Ni mimi."

"Basi mkono wako ulijua kitu ambacho mdomo wako haukutaka kusema."

"Clotilda, surua iko mwaloni."

"Iko mwaloni. Haijafika kwangu. Wewe nirekebishie huyo mama wako atembee, ndipo nitampeleka mtoto wangu."

Manesi wakasema watarudi wiki ijayo, siku ya gulio, kisha wataelekea Kimwani na hawatapita tena upesi. Njia nzima ya kurudi Bukoba Felicitas alikaa ameshika mpini wa mlango wa gari kana kwamba ataruka. Zahoro alijaribu kumchekesha.

"Mama Clotilda, mguu ule mbona mzuri tu. Mimi nina shangazi anatembea vilevile, na ameolewa mara tatu."

Felicitas alikuwa akihesabu watoto wa jirani zake Clotilda, mmoja mmoja kwa majina, na kila jina lilimchoma.

Ildefons alikuwa amerudi kutoka Mwanza. Hakugomba. Alichukua karatasi zile za Felicitas, akazichomeka kwenye vile vijiti viwili vya meza ya kioo, vinavyoshika karatasi zisihame, akawasha taa ya chini. Akazipeperusha kwa vidole, ya kwanza hadi ya mwisho, halafu tena. Mama akazama, akaruka, akaganda.

"Huu hapa," akasema, akichomoa mchoro wa mwisho. "Wa kumi na tatu. Mliupiga na huu?"

"Si ulisema ufanane na wa kwanza? Niliutoa juu ya wa kwanza hasa. Hata unywele hauzidi."

"Umefanana, sikatai. Lakini ni wa kupimia. Unauchora ili ujue kama safari imerudi ilikoanzia, kisha unauweka pembeni. Baada ya wa kumi na mbili anayefuata ni wa kwanza. Ukiupiga na huu, mama anasimama mahali pamoja mara mbili. Ndiko kule kuganda."

Felicitas akaweka mkono mdomoni. "Nikaona nisitupe karatasi."

"Kosa ni langu pia. Nilisema nikiwa mlangoni."

"Na kuzama je?"

Ildefons akauondoa wa kumi na tatu, akapeperusha tena. Kuganda kukaisha. Kuzama kukabaki, na kuruka kukabaki. Akaweka mchoro wa kwanza na wa kumi na mbili pamoja juu ya taa. Kikapu cha mchoro wa kumi na mbili kilikuwa chini kuliko cha ule wa kwanza, na mwili wote ulikuwa umesogea mbele.

"Ulichoraje wa pili?"

"Niliutazamia wa kwanza."

"Na wa tatu?"

"Niliutazamia wa pili. Na wa nne nikautazamia..." Akamkumbuka marehemu mumewe akikata miti ya kuegemezea migomba. Mwaka mmoja alipima kila mti kwa ule aliotoka kuukata, na wa mwisho ulipofika kibanjani ulikuwa mrefu kuliko mgomba wenyewe. Hakuna mti uliokosea sana. Kila mmoja ulikosea kidogo tu, na mwenzake akaupokea.

"Nimekuwa nikirithisha kosa," akasema.

"Ndiyo hivyo. Kila karatasi imeshuka unene wa uzi. Mwishoni mama yuko chini, ukirudi kwenye wa kwanza anaruka juu. Watu wanaona mguu mbovu."

Felicitas alitaka kuinua vikapu vyote vilingane kwa mstari mmoja, mara moja, amalize. Ildefons akamzuia. Mtu anayetembea hupanda na kushuka, alisema. Ukimnyoosha atateleza kama sanduku kwenye kamba. Cha kutafuta ni kupanda na kushuka kule kurudie mahali pake. Wakaanza na mchoro wa kwanza, mguu wa kulia umetangulia, na wa saba, wa kushoto umetangulia: mwili kimo kimoja, miguu imebadilishana tu. Kisha wa nne na wa kumi, mguu mmoja ukipita mwingine, mwili uko juu: nayo ikalinganishwa. Chini ya zote wakaweka karatasi moja yenye mistari, wa ardhi, wa kiuno, wa kikapu, isiyotoka. Michoro ya katikati Felicitas akaichora akitazama pande mbili, ilikotoka na inakokwenda. Mguu uliokanyaga ukawa unarudi nyuma kwa kipimo kilekile kila mchoro, sawa na migomba ya nyuma inavyovutwa, usije ukateleza.

Alichora tangu asubuhi mpaka macho yakamwaga maji. Plastiki mpya hazikuwepo. Akaosha zile za zamani kwa maji ya uvuguvugu, mama wa kuchechemea akayeyuka kwenye beseni, wino mweusi. Kila alipomaliza mchoro alipeperusha wa kumi na moja, wa kumi na mbili, wa kwanza, wa pili. Pale pa kuungia ndipo alipokuwa akipaogopa. Alipeperusha hadi pembe za karatasi zikalegea.

"Mama, ameshapona huyo," Zahoro akasema kutoka kwenye kamera. "Utamchosha."

"Kaa kimya, piga. Na wa kumi na tatu uko wapi?"

"Umeukalia, mama."

Ni kweli, alikuwa ameukalia makusudi.

Ildefons akaisafisha filamu kwenye chumba cha giza, wakaianika kwenye kamba kama nguo za mtoto, na siku ya gulio wakaondoka ingali na harufu ya dawa. Njiani walipishana na watu wamebeba jeneza fupi. Zahoro alizima utani. Felicitas hakuuliza ni la nani, aliogopa kujibiwa.

Ghala likajaa kuliko mara ya kwanza, maana wengi walikuja kumcheka mama kiguru. Clotilda alisimama karibu na mlango, Mujuni mgongoni. Mtoto alichomwa kwenye shuka, akalia. Mama akageuka kurudi.

Felicitas hakutazama shuka. Alitazama nyuso. Hatua, hatua, migomba ikapita, hatua, hatua. Alingoja mtu acheke. Mzee mmoja akaegemea mbele, akitafuta mguu mbovu, akakosa.

"Amepona huyu," akasema mwanamke yule yule wa wiki iliyopita.

"Labda hakuwa mgonjwa."

"Anatembea tu, hafiki kwake?"

"Mwache, ana kikapu kizito."

Walipotoka nje, Clotilda alilegeza mbeleko, akamshusha Mujuni, akasimama kwenye mstari nyuma ya wanawake wengine. Ilipofika zamu yake alimgeuzia nesi mkono wa mtoto, akafumba macho yeye. Mujuni alilia hadi akapaliwa.

"Haya, Mama," Clotilda akasema. "Nimempeleka. Akichechemea nitakuletea wewe."

Jioni, uani kwa Clotilda, mtoto alishushwa chini. Akasimama akishika ukingo wa kinu, akatazama huku na huku, akaachia. Akapiga hatua, ya pili, akakanyaga ganda la ndizi kavu, akaanguka chini pu.

Felicitas aliruka kutoka kwenye kigoda kabla mtoto hajalia. Clotilda naye akasimama, macho kwa mama yake.

Mujuni hakulia. Alijisukuma kwa mikono, akainua makalio, akasimama. Akapiga hatua, mguu huu, mguu huu, akamjia bibi yake. Felicitas akabaki ameinama mikono mbele, akiutafuta ule mshono wa kwenye michoro, mahali pa kuzama, mahali pa kuruka. Mtoto alipomfikia alimgeuza, akampeleka tena kwenye kinu.

"Tembea tena, mwanangu," akamwambia. "Bibi hajaona vizuri."