Amekutwa na Mtoto Asiye Wake

Viola aliandika kichwa cha habari hiyo mara ya kwanza kwa moyo mkunjufu: "Mkulima wa Bumula aokoa mtoto aliyetupwa shambani, aruhusiwa kumtunza." Mkulima mwenyewe alikuwa Anti Peris, mdogo wake mama yake, mwanamke mjane aliyezika watoto wake wawili kabla hawajajua kutembea. Alipokuwa anavuna mahindi alisikia kilio, akafikiri ni paka. Alimkuta mtoto mchanga amefungwa kwenye leso. Akambeba mgongoni mpaka kituo cha polisi, akaandikisha taarifa, na baada ya wiki kadhaa afisa wa watoto akampa kibali cha kumtunza huku mama mzazi akitafutwa. Akamwita Wekesa, kwa kuwa alikuja wakati wa mavuno.

"Andika tu," Peris alikuwa amemwambia Viola kwa simu, akicheka. "Watu wajue Mungu amenikumbuka."

Gathii, mwenye tovuti ya habari ambayo Viola aliiandikia pale Kitale, alikisoma kichwa kile akakunja uso.

"Hii umeimaliza yote hapo juu. Sasa mtu afungue kutafuta nini?"

"Atafute habari, si ndiyo?"

"Ameshaipata, bana. Amesoma bure na amepita." Gathii akavuta kiti. Alipenda kufundisha, na hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Wazungu wanaita clickbait. Bait ni chambo, kile unachoweka kwenye ndoana. Kichwa ni chambo, kidole cha msomaji ndiyo samaki. Unampa kidogo, unaficha kile anachotaka. Akijua kuna kitu asichokijua, inamwasha kama upele. Hatalala bila kujikuna. Akifungua, tangazo linaonekana, na sisi tunakula."

"Na asipopata alichoahidiwa?"

"Atapata. Mimi siandiki uongo." Akavuta kibodi, akaandika polepole: "Mwanamke wa Bumula akutwa na mtoto asiye wake. Utashangaa alichowaambia polisi!"

Viola akanyooshea skrini kidole. "Lakini inafanya aonekane mwizi."

"Nionyeshe neno la uongo hapo."

Viola alisoma tena. Mwanamke alikuwa wa Bumula. Mtoto hakuwa wake. Na polisi, alikuwa amezungumza nao. Hakuliona.

Gathii akaweka vichwa vyote viwili kwenye mtambo wa tovuti, ambao ungewaonyesha nusu ya wasomaji kile cha kwanza na nusu cha pili, kisha ubakize kitakachofunguliwa zaidi. Saa moja ikapita. Cha Viola kilikuwa kimefunguliwa na watu kumi na wanne. Cha Gathii, mia sita na tisa. Mtambo haukuuliza mtu. Ulikitupa cha Viola.

Juu ya kichwa kulikuwa na picha ambayo Peris mwenyewe aliituma: amesimama nje ya kituo cha polisi, mtoto kifuani, uso haujui ucheke au ulie.

Viola angeweza kusema hapana. Angeweza kusema, huyu ni mama yangu mdogo. Lakini ile namba ilikuwa inapanda mbele ya macho yake, na chini ya habari palikuwa na jina lake, na tangu aanze kazi hapo hakuna kitu chake kilichowahi kusomwa hivyo. Akakiacha kichwa kile. Na ukweli ni kwamba alifurahi.

Kufikia jioni habari ilikuwa imevuma. Wenye kazi hiyo husema imekuwa viral, na neno lenyewe limetoka kwa virusi: kila aliyeshikwa anaambukiza wengine kabla hajajua anaumwa. Watu waliisambaza Facebook bila kuifungua. Wenye hasira ndio waliandika maoni mengi, na kila maoni yaliisukuma mbele ya macho ya wengine. Usiku huo mtu mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumjua akapiga picha ya skrini, kichwa na uso wa Peris tu, akaandika juu yake kwa maandishi mekundu: MWIZI WA WATOTO YUKO BUMULA. WAZAZI CHUNGENI. Hiyo ndiyo iliyoingia kwenye makundi ya WhatsApp ya makanisa, ya shule, ya waendesha boda. Haikuwa na mahali pa kubofya. Habari ya ndani, yenye kibali na afisa na kilio shambani, ilibaki Kitale.

Asubuhi Viola aliona ile picha kwenye kundi la ukoo. Akampigia Peris, simu ikaita mpaka ikakata. Akampigia Gathii.

"Badilisha kichwa! Sasa hivi!"

"Nimebadilisha," Gathii akasema baada ya dakika chache. "Lakini zile zilizokwisha kusambazwa bado zinaonyesha cha zamani. Na picha ya skrini siwezi kuigusa, Viola. Hiyo si yangu."

Peris hakushika simu kwa sababu alikuwa sokoni Bumula, Wekesa mgongoni, akinunua sabuni. Mwanamke mmoja alimtazama, akatazama simu yake, akapiga yowe: "Ni yeye!" Walimvuta mtoto kwanza. Peris alimng'ang'ania, na kule kung'ang'ania ndiko kulikowathibitishia. Jiwe la kwanza lilimpata begani, la pili kwenye jicho. Aliyemwokoa ni Khaemba, mwenye kinu cha unga, aliyemburuta ndani na kufunga mlango wa chuma. Kibali cha afisa wa watoto kilikuwa kwenye mkoba wake muda wote. Hakuna aliyeomba kukiona.

Viola alimkuta Bungoma, katika wadi ya akina mama, kichwa kimefungwa bendeji upande mmoja. Madaktari walikuwa wamelitoa jicho.

"Wekesa yuko wapi?" Viola akauliza.

"Wamempeleka kwenye makao ya watoto. Mkono umevunjika. Afisa anasema kwangu si salama tena." Peris alizungumza bila sauti kupanda wala kushuka. "Hebu nisomee ulivyoandika."

"Anti, tafadhali."

"Nisomee."

Viola akasoma kile kichwa, maneno yote. Peris akasikiliza, jicho moja likitazama dari.

"Mbona ni ukweli?" akasema. "Mtoto si wangu. Wewe ulijua wataelewa nini?"

"Nilijua."

"Na ukaacha."

"Nikaacha."

Peris akageukia ukutani. Viola akatoka hadi kwenye korido, akampiga picha kupitia mlangoni na kumtumia Gathii: Ona tulichofanya. Ondoa kila kitu. Nusu saa baadaye simu ikatetemeka, na Viola akaona picha ile ile, bendeji na kitanda, chini yake jina lake mwenyewe na juu yake kichwa kipya: "Mwanamke wa Bumula aliyekutwa na mtoto: hutaamini kilichompata sokoni!" Ilikuwa imesambazwa mara elfu mbili.

Alirudi wadini mbio, asijue anakwenda kusema nini. Kwenye kitanda cha pili mama mmoja kijana, aliyekuwa ametoka kumnyonyesha mtoto wake, alikuwa ameinamia simu. Akainua macho, akamtazama Peris, akatazama simu tena. Kisha taratibu akamwinua mtoto wake na kumlaza upande wa pili, mbali na Peris. Peris alimwona.