Kanula ya Siku ya Nne

Watu watatu wakisimama mguuni pa kitanda wakanong'ona, mwenye mgonjwa hutega sikio. Fundi cherehani alikuwa ametega yote mawili. Siku ya tatu sasa alikuwa akimuuguza mumewe, fundi bomba ambaye mtaa mzima ulimwita Spana, aliyeletwa na nimonia akihema kama mtu aliyepandishwa ghorofa kumi kwa mbio. Waliokuwa wakinong'ona ni daktari, sista wa wodi, na mfamasia, mwanamke mwembamba mwenye miwani ambaye hakuwahi kutabasamu mbele ya karatasi.

"Joto chini ya thelathini na nane tangu jana asubuhi," mfamasia alisoma. "Mapigo themanini na nne. Pumzi kumi na nane kwa dakika. Presha nzuri. Vipimo vya damu vinashuka. Ugonjwa uko kwenye mapafu tu, hauko kwenye moyo wala mfupa. Na dawa hiyohiyo tunayo ya vidonge."

"Anakula?" daktari aliuliza.

"Anakula," sista alisema. "Jana kamaliza sahani."

"Basi tuache ya mshipa. Aanze kumeza mchana huu."

Moyo wa fundi cherehani ulishuka hadi kwenye kandambili. Miaka sita iliyopita baba yake alilazwa hospitali nyingine, akatolewa dripu, akapewa bahasha ya vidonge, akarudishwa nyumbani. Siku ya nne wakamzika. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Na huyu hakuona unyasi tu. Tangu alfajiri alikuwa amehesabu wagonjwa wawili wapya waliolala kwenye machela kando ya mlango, wakingoja kitanda, na alihisi ni cha mumewe.

Spana mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amepelekwa kupigwa picha ya kifua.

"Anatapika," alisema.

Wote watatu wakageuka.

"Lini?" sista aliuliza.

"Usiku. Na leo asubuhi, baada ya uji. Nimesafisha mwenyewe, sikutaka kuwasumbua."

Mfamasia alimtazama juu ya miwani, muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. "Ulitoka uji tu, au na kingine?"

"Uji ni uji, mwanangu. Nilitakiwa niuchambue?"

Mzee wa kitanda cha jirani alicheka mpaka akakohoa. Daktari hakucheka. Aliandika. "Anayetapika hatumpi vidonge, dawa itaishia kwenye beseni. Dripu iendelee, tutamwona tena kesho."

Wakaondoka. Mfamasia akageuka mara moja mlangoni. Fundi cherehani alikunja shuka kwa bidii, ingawa halikuhitaji kukunjwa.

Spana aliporudi alikuwa na njaa. Alikula ndizi mbili na kipande cha mkate. Mchana sista alipoingiza dawa kwenye kanula, ile sindano laini ya plastiki iliyobandikwa mkononi, Spana alikunja uso.

"Inachoma, mama watoto," alisema sista alipoondoka. "Jana haikuchoma hivi."

"Dawa ikifanya kazi lazima uisikie. Vumilia."

"Nimeshatengeneza mabomba mengi. Likichoma, kuna mahali limebana."

"Wewe si bomba. Lala." Akamshushia mkono wa sweta hadi kwenye vidole, kwa sababu wodi ilikuwa na ubaridi, na pia, ingawa hakuliweka wazo hilo kwenye maneno, kwa sababu aliogopa mtu akiona mkono unauma atauchomoa ule mrija.

Siku ya nne, saa moja asubuhi, kipimajoto kilisoma thelathini na nane nukta tano.

Timu ilipofika, fundi cherehani alikuwa amesimama wima. "Mmeona? Jana mlitaka kumkatia dripu. Leo ningekuwa na maiti."

Daktari aliweka kifaa chake mgongoni pa Spana, kulia, kushoto. "Kifua kiko vizuri kuliko jana," alisema polepole. "Picha nayo haionyeshi maji kwenye mapafu. Oksijeni tisini na saba bila msaada. Pumzi kumi na tisa. Mapafu yanapona, joto linapanda. Hivi viwili havikai nyumba moja."

Mfamasia alimgeukia mgonjwa. "Shikamoo, mzee. Umetapika mara ngapi tangu juzi?"

"Marahaba. Nani, mimi?" Spana alimwangalia mkewe. "Mimi sijatapika hata tone. Uji wenyewe ninadai wa pili."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa hatua mbili tu. Shingo ya fundi cherehani ilipata moto.

"Mkono je?" mfamasia aliendelea.

"Huo unawaka tangu jana."

Sista alipandisha mkono wa sweta. Chini ya plasta ngozi ilikuwa nyekundu, imevimba, na mstari mwekundu ulipanda kuelekea kwenye kiwiko. Daktari aliugusa mshipa. Ulikuwa mgumu kama kamba ya kuanikia nguo, na Spana alitaja jina la Mungu.

"Huu hapa mlango wa homa," daktari alisema. "Kanula ikikaa mno, mshipa unaweza kuvimba, na vijidudu vinaweza kupita hapohapo kuingia kwenye damu. Ndiyo maana hatuiachi hata siku moja isiyo ya lazima. Jana ilikuwa itoke."

Macho ya fundi cherehani, yaliyozoea kuona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya chumba, yalikuwa yameshatua kwenye karatasi iliyoning'inia kitandani.

"Jana jioni hapa mmeandika 'kanula safi'," alisema. "Usiku tena, 'safi'. Nani aliupandisha huo mkono wa sweta?"

Sista alitazama karatasi, kisha sahihi mbili, na mojawapo ilikuwa yake mwenyewe.

"Sikuupandisha," alisema. "Alikuwa amelala, nikaweka alama. Nilipaswa kuupandisha."

"Basi tumedanganya wote," alisema fundi cherehani.

"Ndiyo. Na mkono ulioumia ni wa mumeo."

Waliichomoa kanula, wakamtoa damu ya kuoteshwa maabara kuona kama ina vijidudu, wakachora kwa kalamu mpaka wa ule wekundu ili waone kama utapanda au utarudi. Kwa kuwa sasa joto lilivuka kiwango, vidonge vilisubiri. Wakamtoboa mkono wa pili kwa kanula mpya. Fundi cherehani aliitazama sindano ikiingia. Sindano hiyo alikuwa ameinunua yeye, kwa neno moja: anatapika.

"Baba yangu walimtoa dripu, akafa," alimwambia mfamasia walipobaki wawili tu.

"Alikuwa na homa siku hiyo?"

Alifikiri. "Alikuwa anatetemeka. Nilimfunika mablanketi mawili."

"Basi hakufaa kutolewa. Sijui waliangalia nini, siwezi kuwasemea. Huyu sitamtoa anatetemeka. Lakini nikikuuliza kitu, sina karatasi nyingine ya kukagua jibu lako."

Wekundu ulirudi nyuma ya wino kesho yake. Joto likashuka, likakaa chini siku nzima, kisha usiku mzima. Maabara ilileta jibu la siku mbili: hakuna kilichoota. Timu ikasimama tena mguuni pa kitanda, na kule mlangoni machela yalikuwa matatu.

Mfamasia alisoma namba zote, kisha akainua uso. Spana alikuwa bafuni.

"Ametapika?"

Neno moja tu, na dripu ingebaki. Fundi cherehani alitazama machela, akatazama mrija, akamtazama sista, ambaye safari hii alikuwa na glavu mkononi.

"Hapana," alisema. "Na sitaki kumsikia akitetemeka nyumbani. Akitetemeka, namrudisha saa hiyohiyo, hata mkinifungia geti."

"Umrudishe," daktari alisema, akakata mstari kwenye dawa ya mshipa na kuandika vidonge.