Kifurushi Kilichopokelewa na Wifi

Simu iliniambia kifurushi changu kimefika na kimepokelewa. Kimepokelewa na nani? Nilikuwa nyumbani tangu asubuhi, na hata paka hakunigongea mlango.

Ndani yake mlikuwa na titi la bandia. La kwangu lilibaki hospitali. Jumatatu nilitakiwa kurudi kazini kwenye meza ya mapokezi, na nilikuwa nimechoka kujaza soksi kwenye sidiria. Nilimwomba muuzaji aandike "nguo" juu ya boksi, maana jengo letu lina midomo mingi kuliko milango.

Nikamwandikia muuzaji papo hapo. Akanijibu kiungwana: nisibonyeze kitufe cha kuthibitisha kupokea, niwaombe wasafirishaji picha ya makabidhiano, niulize majirani. Yeye, kama mtumaji, angefungua madai kwao. Picha ikaja. Boksi langu lilikuwa juu ya zulia la kijani la kufutia miguu, mlangoni kwa wifi yangu wa ghorofa ya chini.

Nikashuka. "Wifi, hujanipokelea mzigo?"

"Mzigo gani tena? Kwani mimi bohari yako?"

Nikamwonyesha picha.

"Mazulia ya kijani yamejaa tele," akasema, akafunga mlango. Mume wangu naye akaniambia nisimkosanishe na dada yake.

Kesho yake akaja msimamizi wa wasafirishaji pamoja na mwendesha pikipiki aliyeleta mzigo. Tukashuka nao kwa wifi, mimi na mume wangu.

"Nilimpa huyu," mwendesha pikipiki akasema wifi alipofungua. "Alisema yeye na wewe ni kitu kimoja."

Wifi akaingia ndani, akatoka na boksi limechanwa. Haya hana hata chembe. "Nilitaka kujua hela za kaka yangu zinaishia wapi. Kumbe mpira!"

Titi lilikuwa limetobolewa kwa sindano, ute wake umelowanisha boksi. Mlango wa pili, majirani wawili walikuwa wameziba midomo wasicheke. Nikajua limeshapita mikononi mwao. Nilitamani ardhi inimeze, halafu nikatamani iwameze wao.

Msimamizi akakohoa. "Samahani mama, lazima niulize. Kama aliyepokea ni mtu wa nyumbani kwako, sisi tumefikisha na madai yanafungwa. Kama siye, tumemkabidhi asiyehusika, na muuzaji atakutumia lingine."

Mume wangu akaninong'oneza, "Sema ni wa nyumbani, mke wangu. Yaishe. Usitutie aibu."

Aibu! Tangu nitoke hospitali kitandani ananipa mgongo, leo ndiyo kaijua aibu.

"Si mtu wa nyumbani kwangu," nikasema. Wifi akaguna.

"Na hakuna mwenzako wa nyumbani aliyemruhusu akupokelee?" msimamizi akauliza, akimwangalia mume wangu.

"Hakuna," nikamjibu. "Naishi peke yangu."