Klipu Sitini za Oda Thelathini na Moja

Mzee Thobias alikuwa mtu wa kadi. Katika karakana ile ya Gungu inayoshona majaketi okozi ya boti za abiria, alikuwa ametunza stoo miaka ishirini na miwili, na kila kitu rafuni kilikuwa na kadi yake: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Wenzake walimtania kwamba hata pumzi akivuta lazima aisainie. Yeye alicheka nao, kisha akarudi kuhesabu.

Siku ile ya mwisho wa Juni, msimamizi wa karakana, Leodgar, aliingia stoo na faili mkononi. Hakuketi.

"Nafunga oda thelathini na moja," alisema. "Ulitoa klipu mia tatu na sitini. Majaketi mia na ishirini, kila moja klipu tatu. Sawa?"

"Sawa. Hati ya kutolea ipo, na Kabura alisaini kupokea."

"Mteja alipunguza oda katikati ya kazi. Tumeshona majaketi mia tu. Klipu mia tatu. Sitini ziko wapi? Hakuna hati ya kurudisha. Nimemuuliza Kabura, ameinamisha kichwa. Mara mbili nimemuuliza! Mtu asiyejua vifaa vyake vimekwenda wapi hawezi kuongoza chumba cha kushonea. Kesho namwondoa."

Akaondoka. Thobias alibaki ameshika peni hewani. Kabura huyu alimfahamu tangu alipokuja kuomba kazi, binti wa watu waliotoka Burundi na kuweka makazi Simbo, akashona jaketi lake la majaribio kwa mkono kwa sababu cherehani ilikuwa imeharibika. Mwizi? Huyu aliyekuwa akirudisha hata mabaki ya uzi? Haiwezekani, na Thobias alihisi hasira kifuani, hasira safi kabisa ya kumtetea mtu.

Siku hiyo ilikuwa pia zamu ya kuhesabu stoo ya nusu mwaka. Akaanza na rafu ya klipu. Kadi ilisema mia na arobaini. Akahesabu mia mbili. Akahesabu tena, maana mkono wa mzee huwa na ujanja wake. Mia mbili.

Hapo ndipo alipoona nyuma ya kasha vifurushi sita, klipu kumi kumi, vimefungwa kwa uzi wa rangi ya chungwa. Kwenye kila kimoja kulikuwa na kipande cha kitambaa kilichoandikwa kwa chaki: oda 31, tarehe kumi na nne Mei.

Thobias aliketi juu ya gunia la sponji. Tarehe kumi na nne Mei.

Siku ile saa sita mchana simu ililia kutoka hospitali, na sauti ya muuguzi ikasema njoo upesi, mama hali yake si nzuri. Leodgar alikuwa bandarini. Kanuni ilisema ufunguo wa stoo apewe msimamizi peke yake. Thobias aliutupa mkononi mwa Kabura aliyekuwa amekuja kuchukua uzi, akasema, "Ukimaliza funga," akarukia bodaboda. Alipofika, mkewe Agnesi alikuwa ameshatangulia. Tangu siku ile hakuwahi kukitaja kifo hicho kwa mdomo wake. Aliporudi kazini baada ya matanga, watu walimpa pole, akaitikia kwa kichwa na kufungua kadi zake.

Akamwita Kabura. Mwanamke huyo aliingia taratibu, tepu ya kupimia ikiwa shingoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vifurushi hivi umevifunga wewe?"

Kabura aliviangalia vifurushi, macho yakamjaa machozi. "Ego, ndiyo, Mzee. Mteja alipunguza oda siku ileile. Nilitaka kuzirudisha kwa hati, lakini kitabu kilikuwa kwenye droo yako, na droo imefungwa. Nikaona nisiziache chumbani zikapotea. Nikazifunga, nikaziandika, nikaziweka."

"Mbona hukuniambia niliporudi?"

"Ulirudi mtu mwingine. Ningekuja na klipu? Kisha siku zikapita. Halafu nikawaza: nikisema nimeziweka ndani, wataniuliza ufunguo niliupata wapi. Nikanyamaza."

"Ukubali kuitwa mwizi kwa ajili yangu?"

"Wewe ulikuwa unazika, Mzee."

Thobias aligeuka kuangalia rafu, maana hakutaka kulia mbele yake, akalia hivyohivyo. Katika miaka yote hiyo alidhani yeye ndiye anayewalinda watu wa karakana.

Njia rahisi aliiona pale pale. Achukue kitabu, aandike hati ya kurudisha kwa tarehe ya Mei, Kabura asaini, na yeye asaini kupokea. Nani angeuliza? Lakini tarehe ile yeye hakupokea kitu chochote. Hati zenye namba za mwezi Juni zilikuwa tayari zimetumika mbele yake, na hati ya Mei ikikaa katikati ya za Juni ni uongo unaojitangaza wenyewe. Kuongeza sitini kwenye kadi kimyakimya kungenyoosha stoo tu, wakati oda ingebaki na pengo lenye jina la Kabura.

"Lete kiti," alisema. "Tunazipokea leo."

Wakamwaga klipu mezani na kuzikagua moja moja, kufunga na kufungua. Jaketi linalofunguka ndani ya maji halimwokoi mtu. Mbili zilikuwa na ufa. Zikawekwa kando, ziandikiwe karatasi ya vifaa vibovu. Hamsini na nane zilikuwa nzima. Thobias akaandika hati kwa tarehe ya leo: kutoka oda thelathini na moja, zimeletwa sitini, zimepokelewa nzima hamsini na nane, mbovu mbili. Kabura akasaini kurudisha, yeye akasaini kupokea. Kadi ikapanda kutoka mia na arobaini hadi mia na tisini na nane, na namba ya hati pembeni. Faili la oda likasomeka sasa: zilizotumika mia tatu na mbili, yaani mia tatu kwenye majaketi na mbili mbovu.

Ilibaki sehemu ya maelezo, kwa nini hati imechelewa wiki sita. Peni ilisimama hapo muda mrefu. Kabura alisogeza kiti chake kidogo karibu, akaanza kuzungusha uzi wa chungwa kidoleni.

Kisha Thobias akaandika, na wakaenda pamoja kwa Leodgar.

Msimamizi alisoma hati, akalinganisha na kadi na faili, namba kwa namba. Alipofika kwenye maelezo alisoma polepole. Akamgeukia Kabura.

"Nimekukosea, mama. Chumba cha kushonea ni chako." Akamtazama Thobias. "Ila kwa ufunguo, Mzee, sina budi kukuandikia onyo."

"Niandikie. Ni haki yangu." Miaka ishirini na miwili bila doa ilikwenda hivyo, kwa sentensi moja, na ajabu ni kwamba haikuuma alivyodhani.

Leodgar alirudi kwenye hati, akakuna shavu. "Lakini haya maelezo, Mzee... Hati hii inakwenda kwa mkaguzi, inasomwa na watu. Unaweza kuandika tu 'dharura ya kifamilia'. Inatosha. Nikupe nyingine?"

Thobias alichukua karatasi, akaisoma kwa sauti.

"Tarehe kumi na nne Mei mtunza stoo hakuwepo; ufunguo alimwachia Kabura. Alikuwa hospitali. Mke wake, Agnesi, alifariki."

Akairudisha mezani.

"Hapana, Leodgar. Acha ibaki ilivyo. Ndivyo ilivyotokea."