Vifaru Kumi vya Meja Quissanga

Kwenye ramani ya Meja Quissanga magari yetu kumi yalichorwa kwa alama ileile ya vifaru. Nililiona hilo kwa macho yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyeambiwa nikanyage kona ya ramani ili upepo usiipeperushe. Sajini wa miguu, buti langu juu ya nchi nzima ya Angola. Sijasahau, na sina mpango wa kusahau.

Ilikuwa 1987, kusini, kwenye mchanga ule unaomeza kila kitu. Vifaru vyetu vya kweli, vitano, vilikuwa vimebaki nyuma siku mbili, vimezama hadi tumboni kwenye kivuko cha mto. Mbele yetu kulikuwa na mbuga ya majani, upana wake mita mia tisa hivi, na ng'ambo yake adui amejichimbia msituni.

"Bado nina vifaru kumi," Meja alisema. "Alfajiri vinakata mbuga bila kusimama. Hakuna anayeshuka mpaka tufike kwenye mahandaki yao."

Luteni Adérito Kassanje, mkuu wa magari matatu ya kushoto, nikiwamo mimi humo, alikohoa kidogo.

"Ndugu Meja, hayo si vifaru. Ni magari ya kubebea askari."

"Hayana minyororo?"

"Yanayo."

"Hayana mzinga?"

"Mdogo, ndugu Meja. Wa kumsaidia anayeshuka."

"Basi wewe unataka nini zaidi, pembe?"

Maofisa wakacheka. Kassanje hakucheka. Alikuwa na watu ishirini na wanne wa kushusha, na amri ilikuwa wasishuke.

Tulirudi kwenye miti tukakuta Venâncio, dereva wetu, anakoroga funje, ugali wa muhogo, kwenye bati la risasi, samaki mkavu pembeni.

"Nasikia tumepandishwa cheo," alisema. "Tumekuwa kifaru."

"Nani kakwambia?"

"Redio ya tumbo, anayekuja kula huacha habari. Ukinipandisha cheo nipandishie na bati, mzee. Hili langu hata bunduki kubwa ya jeep inalitoboa ubavuni."

Alikuwa anasema kweli. Mimi sikusoma zaidi ya darasa la nne, katika shule ya reli kule Huambo, lakini kitabu cha gari lile, kilichotafsiriwa kutoka Kirusi kwa Kireno kibovu, nilikisoma mpaka kurasa zikaachana. Kifaru kina uzito wa tani thelathini na sita, na uzito huo karibu wote ni chuma cha kuwalinda watu wanne. Kinaweza kusimama mahali peupe, kikapigwa, kikajibu. Gari letu lilikuwa tani kumi na tatu. Dereva, mpiga mzinga na kamanda ni wa gari. Wanane wa nyuma hawana kazi ndani. Wanakaa migongo imeelekeana, katikati yao tangi la dizeli, wakichungulia dunia kupitia kioo cha upana wa kiganja. Milango miwili ya kutokea nyuma nayo ni mitupu ndani, na ndani yake wametia dizeli.

Lile ni gari la kukufikisha karibu na vita ukiwa hai, hujachoka, vipande vya mabomu visikuguse njiani. Ukishuka, linabaki nyuma yako na mzinga wake kukusaidia. Yapo mengine ya magurudumu manane, yana rashasha tu, nayo yakishusha watu hurudi kujificha kabisa. Letu linaruhusiwa kukaa lipigane. Lakini hakuna kati ya hayo linaloruhusiwa kujifanya kifaru.

Nilimfuata Kassanje alipokuwa amekaa peke yake kwenye sanduku la risasi.

"Luteni, milango yetu bado imejaa dizeli."

"Naijua. Mwambie Venâncio ainyonye yote, atie kwenye tangi la katikati."

"Na amri ya kutoshuka?"

Alichora mchanga kwa kijiti.

"Nikiwashusha kwenye miti, watasema nimeogopa. Unajua hapa mwoga anafanywa nini."

"Najua."

"Nisipowashusha?"

"Mita mia tisa, Luteni. Watatupiga ubavuni, na sisi wa nyuma hatutaona kilichotupiga."

"Wewe maneno mengi sana, Hilário," alisema. "Siku moja yatakuua." Kisha akafuta mchoro wake kwa kiganja.

Alfajiri injini zikawaka zote kumi. Magari saba ya katikati yakatoka mitini yakaingia mbugani, kasi, safi, mstari mmoja kama gwaride. Yetu matatu yalifika kwenye mti wa mwisho yakasimama.

"Fungua," Kassanje alisema.

Tukashuka ishirini na wanne, tukaingia kwenye majani ya kifuani, tukiinama, tunafuata ukingo wa kushoto. Nyuma yetu magari yakabaki kivulini, yanatupa risasi juu ya vichwa vyetu kila adui alipoinua kichwa. Kwenye redio Meja alikuwa anamtukana Kassanje kwa jina la mama yake.

Gari la kwanza la katikati lilisimama kabla ya nusu ya mbuga. Moshi mweusi ulitokea nyuma, kwenye milango. La pili likageuka kulikwepa, likaonyesha ubavu. Mzinga wa adui ulikuwa juu ya jeep, nyuma ya kichuguu, na kutoka tulipokuwa tukitembea niliuona wazi kama ninavyoiona karatasi hii. Walio ndani ya magari hawakuweza kuuona. Tuliufikia kwa miguu, tukaunyamazisha. Lakini kutembea kunachukua muda. Manne yalikuwa yameungua. Matatu yalivuka.

Mbuga ilikuwa yetu kabla ya saa nne. Kassanje hakupoteza hata mtu mmoja, na hiyo ndiyo ikawa hatia yake.

Siku ya tatu alikuja kanali kutoka makao makuu, mtu mpole, miwani. Meja akamwekea taarifa mezani, imeshapigwa chapa. Nami niliitwa kama shahidi.

"Luteni Kassanje," kanali alisema, "hapa imeandikwa vifaru vitatu vilisimama mitini. Meja yuko tayari kusamehe. Mbuga tumeichukua. Weka sahihi, yaishe."

Kassanje akasoma taratibu. Midomo yake ilikuwa inatembea.

"Hapa chini pameandikwa tumepoteza vifaru vinne, watu kumi na sita."

"Ndiyo. Kila kifaru wanne."

"Ndugu Kanali, nani aliwahesabu?"

Meja akajibu yeye. "Haihitaji kuhesabu. Kifaru kina watu wanne. Hata mtoto anajua."

"Kila gari lilikuwa na kumi na moja. Kwenye manne walikuwa arobaini na wanne. Tumewatoa hai kumi na watatu."

Kanali alivua miwani. Nadhani alielewa. Niliona uso wake ukielewa, kisha nikaona ukifungwa. Taarifa ya kwanza ilikuwa imeshatumwa Luanda kwa redio, na kuibadilisha kungekuwa kusema kwamba meja aliyeichukua mbuga hakujua alikuwa anaongoza nini.

"Ukiweka sahihi unabaki na kikosi chako," alisema. "Usipoweka, siwezi kukusaidia kwa lile la kusimama mitini."

Kassanje alichukua kalamu. Akageuza karatasi. Upande wa nyuma, ule mweupe, akaanza kuandika majina. Alipokwama alinitazama, nami nikamtajia. Yalikuwa thelathini na moja. Hakuna aliyetukatiza. Alipomaliza hakuweka sahihi upande wowote.

Walimvua nyota zake hukohuko, wakampeleka kuhesabu mablanketi kwenye ghala huko Menongue.

Karatasi ile ilipigwa nakala upande wa mbele tu. Familia kumi na sita zilipata barua, kumi na tano hazikupata. Mama wa Venâncio Tchitunda, ambaye mwanawe yu hai, alinionyesha jirani yake, mama wa mmoja wa wanane wa gari la kwanza, ambaye mpaka leo anaambiwa kijana wake alitoroka jeshi.

Nami ninayo majina yale kumi na matano. Naanza kila mkutano wa sisi askari wa zamani kwa kuyasoma, na wakubwa wakinikatia umeme wa kipaza sauti nayasema bila umeme.